Ripoti ya wiki ya 9: sketi iliyopungua inchi sita

Habari ya jioni, Mwalimu. Ukumbusho wako umeingia saa kumi na moja kamili, nikiwa na pini tatu mdomoni (najua ulikataza). Nimefunga kibanda kwanza, nimefika nyumbani, sasa najibu. Maswali nimeyanakili yalivyo ili usihangaike kutafuta. Ulisema majibu yasizidi ukurasa mmoja. Leo swali la tatu litanishinda.

1. Wiki iliyopita uliahidi nini, na umetimiza?

Niliahidi mambo matatu. Daftari la pesa nimeliandika kila siku, hata Jumanne ambayo haikuingiza kitu. Vipimo vya wateja sasa viko kwenye daftari lao, kila mtu na ukurasa wake, si kwenye vikaratasi vya kupeperuka tena. Mfuko wa pembeni wa suruali sijaugusa. Sina sababu ya maana.

2. Umeshona nini wiki hii?

Pindo za suruali sita, zipu nne, blauzi mbili za mikono mifupi, na sketi moja ya paneli sita. Blauzi zimetoka vizuri. Kola ya ile ya pili imelala bila kunyanyuka nyuma, na mara hii sikuifumua hata mara moja.

3. Ulikosea wapi, na ulirekebishaje?

Kwenye hiyo sketi.

Jumatatu alikuja mama mmoja anayeimba kwaya. Wenzake wote wameshashona sare, yeye alichelewa kununua kitenge, na Jumapili hii wanaimba. Kiuno chake ni inchi 30, nyonga 38, urefu alitaka 24. Alileta kitambaa chenye kutosha tu, hakuna cha kuchezea. Kwa kuwa alikuwa na haraka, na mimi nikaingiwa na haraka yake. Sikuchora pateni ya karatasi. Nilitandaza kitenge mezani nikachora kwa chaki moja kwa moja: 30 gawa kwa sita ni tano, basi kila paneli inchi 5 juu na 12 chini. Nikakata.

Jumatano akaja kujaribu. Sketi ilipanda hadi nyongani vizuri, ilipofika kiunoni zipu ikabaki wazi kama mdomo wa kiatu kilichobanduka soli. Nikwambie ukweli, Mwalimu, wazo la kwanza lilikuwa kwamba mama amenenepa tangu Jumatatu. Nilimpima tena. 30. Ndipo nikapima sketi yenyewe: 24.

Hapo nilijua kabla hata sijahesabu. Nilichora paneli za inchi 5 na sikuacha nafasi ya mshono. Kila paneli imeliwa nusu inchi kushoto na nusu inchi kulia, paneli zikiwa sita ni inchi sita nzima. Ilipaswa nikate 6 juu, ibaki 5 baada ya kushona. Wewe ulitueleza jambo hili siku ya pili kabisa, kwamba kipimo cha mwili si kipimo cha kitambaa, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwasahihisha wenzangu. Sketi mbili za kwanza nilizokata kibandani zilitoka sawa kwa sababu nafasi ya mshono ilikuwa tayari kwenye karatasi. Nadhani niliamini najua, kumbe karatasi ndiyo iliyokuwa ikijua.

Nilimwambia, "Mama, nimekata vibaya. Kosa ni langu, si mwili wako." Akaniangalia, akasema, "Binti yangu, Jumapili nasimama safu ya mbele." Basi. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

Nilivyofikiria kurekebisha:

Njia ya kwanza, kufumua na kushona upya kwa robo inchi. Ingerudisha inchi 3, tungefika 27. Haitoshi, na mshono mwembamba hivyo kwenye sketi ya kubana kiuno ungeachia akikaa tu.

Njia ya pili, kuongeza kipande pembeni. Alhamisi asubuhi nilienda Eastleigh kutafuta kitenge kile kile. Maduka matatu. Maua yale yale nimeyaona, lakini rangi ya chini imekolea zaidi, na pembeni mwa sketi ingeonekana kama kiraka. Nikaacha.

Njia ya tatu nilipata nikiwa ndani ya matatu narudi Kawangware, nikachora nyuma ya risiti. Paneli inapanuka kadiri inavyoshuka. Kutoka 5 hadi 12 ni inchi 7 ndani ya urefu wa 24. Kwa hiyo kupata inchi moja zaidi kwa kila paneli nahitaji kushuka 24 gawa kwa 7, karibu inchi 3 na nusu. Nikikata sketi juu kwa kiasi hicho, kiuno kinakuwa 30 bila kufumua mshono hata mmoja, na nyonga inapata nafasi zaidi. Kinachopotea ni urefu, na urefu unaweza kurudishwa chini kwa ukingo wa kitambaa kingine. Kwaya yao inavaa blauzi nyeusi, kwa hiyo ukingo mweusi hautakuwa mgeni. Nilimpigia simu kumuuliza kabla ya kukata. Akasema, "Fanya, lakini usiniaibishe."

Niliharibu kidogo hata hapo. Ukingo wa kwanza niliukata mnyoofu kama mkanda, nikaushona kuzunguka. Ukavuta sketi ndani, chini ikawa kama mdomo wa chungu. Nilifumua, nikakata vipande sita vinavyofuata mlazo wa kila paneli, vyembamba juu na vipana chini, nikaviunganisha mishono ikikutana na mishono ya sketi. Mara hii nafasi ya mshono niliiandika kwa kalamu kwenye karatasi kabla ya kushika mkasi. Sasa inaanguka vizuri. Zipu ilibidi niitoe na kuirudisha, kwa sababu nilikata sehemu yake ya juu pamoja na sketi.

Amechukua leo saa tisa. Alivaa, akageuka mbele ya kioo, akageuka tena, akauliza kama mkunjo wa nyuma utaondoka kwa pasi. Nikasema ndiyo. Hakusema imependeza, hakusema imeharibika. Nilimpunguzia 300 kwenye bei ya 1,500, akalipa akaenda. Jumapili ndiyo itakayosema.

4. Umejifunza nini ambacho Jumatatu hukukijua?

Mbali na hayo, jambo dogo la sindano. Mama jirani alileta trakisuti ya mtoto, kitambaa cha kuvutika, na cherehani ikawa inaruka mishono. Nilibadilisha uzi, nikakaza, nikalegeza, nikasafisha kwenye meno, hakuna. Fundi wa kibanda cha tatu akaniuliza nimeweka sindano gani. Ilikuwa ya kawaida, namba 14. Akanipa moja yenye ncha ya mviringo kidogo, ya vitambaa vya kuvutika. Hiyo haitoboi nyuzi za kitambaa, inazisogeza ikapita katikati. Mishono ikatulia papo hapo. Nilikuwa nimepoteza saa nzima kwenye kitu cha shilingi chache. Kazi hiyo ya jirani sikumtoza.

5. Pesa: iliyoingia, iliyotoka.

Iliyoingia ni 4,000: pindo 600, zipu 600, blauzi 1,600, sketi 1,200. Iliyotoka ni 1,870. Ndani yake kuna 700 niliyoweka kando ya kodi ya kibanda, uzi na zipu 480, kufungiwa kingo kwa ovaloki 300, nauli ya Eastleigh 240, na kitambaa cheusi nusu yadi 150. Imebaki 2,130.

Uliniambia niandike pia saa, si pesa tu. Sketi ingenichukua saa nne. Imenichukua kumi na moja, ukihesabu na safari. Kwenye ile 1,500, nikitoa kitambaa cheusi, nauli na 300 niliyompunguzia mama, nimeifanya kwa 810. Nimeiandika kwa wino mwekundu.

6. Wiki ijayo utafanya nini, na unahitaji nini kwangu?

Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua kazi nyingine yoyote, nakata pateni ya paneli sita kwenye karatasi ngumu, kiuno 28, 30 na 32, kila moja ikiwa na nafasi ya mshono iliyochorwa kwa mstari wa vitone na tarakimu pembeni. Ile ya zamani ililowa mvua ya mwezi jana paa lilipovuja na sikuwahi kuitengeneza upya. Zitaning'inia ukutani kwa msumari, si chini ya meza.

Mfuko wa pembeni wa suruali, Jumatano. Nimeshatenga suruali ya mtumba iliyochakaa ya kujaribia.

Ninalohitaji kwako ni mawili. La kwanza ni ovaloki. Yule ninayempelekea kazi ana mashine ya pili iliyotumika, anaiuza 18,000, na yuko tayari nilipe kidogo kidogo. Nimepiga hesabu: natumia kama 300 kwa wiki kwake, kwa hiyo ni wiki sitini kabla mashine haijarudisha pesa yake, na sijaweka stima wala matengenezo. Kwa hesabu hiyo jibu ni hapana. Lakini kila kazi ya ovaloki inanifanya nifunge kibanda dakika ishirini, na juzi mteja alikuta kufuli akaenda kwingine. Hicho sijui nakiandikaje kwenye daftari. Wewe ulipoanza ulikiandikaje?

La pili ni hili. Je, nilipaswa kumnunulia mama kitenge kipya, hata kama ni cha rangi tofauti kidogo, nikashona sketi nzima upya? Ningepata hasara kubwa kuliko malipo yake. Shangazi anasema ndiyo, kosa la fundi ni la fundi. Mimi nilichagua ukingo kwa sababu niliamini utapendeza, lakini pia kwa sababu sikuwa na pesa, na bado sijui ni ipi iliyokuja kwanza.

Picha za sketi, mbele na nyuma, nitakutumia kesho kukiwa na mwanga wa jua. Leo taa ya hapa inafanya cheusi kionekane kijani. Angalia hasa mshono wa ukingo upande wa zipu, paneli ya nne. Hapo sijaridhika, na yeye hakuuona.

Nekesa