Taarifa ya Ajali: Mfanyakazi Kuumizwa na Shafti ya Mashine ya Kupukuchua Mahindi

KWA: Meneja wa Shamba
KUTOKA: Msimamizi wa Mavuno, Kitalu Namba 4
SIKU YA TAARIFA: Jumatano

Jana Jumanne, saa 9:40 alasiri, mfanyakazi wetu wa kulisha mashine, kijana wa miaka 26 aliye katika msimu wake wa tatu hapa, alinaswa mkono wa kulia na shafti inayotoka kwenye trekta kwenda kwenye mashine ya kupukuchua. Amevunjika mifupa yote miwili ya kigasha na kuchunika ngozi kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Alifanyiwa upasuaji usiku. Leo asubuhi nimemkuta macho. Vidole vinajongea, na daktari anasema bado ni mapema kujua nguvu zitarudi kiasi gani.

Gunia tupu lilipeperushwa likaingia chini ya shafti. Aliinama kulitoa, trekta ikiwa inanguruma na shafti inazunguka. Kishikizo cha mkono wa shati kilikuwa wazi; boliti ya kiungo cha shafti ikadaka kitambaa. Shafti ile huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Hakuna mtu awezaye kuurudisha mkono kwa kasi hiyo. Shati lilikuwa kuukuu, likachanika begani, na naamini ndilo lililouokoa mkono. Dereva alizima injini mara tu aliposikia ukelele. Tulikata kitambaa kwa kisu, tukabana jeraha kwa kanga safi ya mama mmoja wa kikosi cha kupepeta, tukaufunga mkono kwenye kipande cha ubao, na saa 10:25 alikuwa mapokezi ya hospitali.

Nimesikia ikisemwa kambini kwamba alizembea. Naomba neno hilo lisiingie kwenye faili lake. Kava la shafti lilipasuka Jumamosi, tukalivua kwa sababu lilikuwa linasugua. Niliandika kwenye daftari la matengenezo na kuomba jipya, lakini Jumatatu niliruhusu kazi iendelee bila kava, maana mawingu yalikuwa yamefunga na mahindi yako chini. Ruhusa hiyo niliitoa mimi. Wala sikuwa nimewaambia vijana kwamba trekta izimwe kwanza kabla ya mtu kusogea pale, nilidhani wanajua.

Mama yake nimempigia mwenyewe jana jioni. Aliuliza kama mwanawe atalipwa siku atakazokuwa kitandani, nami sikuwa na jibu. Naomba alipwe ujira wake kamili mpaka daktari atakapomruhusu, na gharama za matibabu zibebwe na shamba. Naomba pia mamlaka ya usalama kazini ijulishwe leo. Maelezo ya dereva na mashahidi wawili nimeyaambatanisha.

Mashine iko palepale ilipokuwa, kitambaa bado kimejiviringisha kwenye boliti. Mahindi yaliyobaki tumeyafunika kwa turubai. Ufunguo wa trekta ninao, na sitautoa kabla kava jipya halijafungwa.