Lenovo ThinkPad T480 iliyotumika, Core i5 kizazi cha 8, RAM 16GB, SSD 256GB, kona moja imechubuka: Sh 620,000, Kariakoo

MAELEZO

Mashine imetoka Uingereza, ilikuwa ya ofisi. Ni toleo la 2018, kioo inchi 14, prosesa i5-8350U, ina Windows 11 Pro iliyoamilishwa. BIOS haina nywila, na hakuna akaunti ya kampuni iliyobaki ndani. Ukiwasha unaanza kuweka jina lako mwenyewe.

Kasoro nazitaja kabla hujauliza. Kona ya kulia ya kifuniko imechubuka, plastiki haijapasuka. Herufi za A na E zimeanza kufifia, ila zinabonyea vizuri. Kioo hakina mstari wala doa.

Betri ziko mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa. Kila moja ilitoka kiwandani na Wh 24. Leo ya ndani inabeba 19, ya nje 14. Kwa Word na intaneti tunapata kama saa nne. Anayekuambia betri ya laptopu ya 2018 ni "kama mpya" mwombe akufungulie ripoti hii mbele yako:

```
powercfg /batteryreport
```

Tundu la Type-C ndilo linalochajia, na kwenye T480 lina historia ya kusumbua programu yake ya Thunderbolt isiposasishwa. Hii imesasishwa. Chaja ya wati 65 imo kwenye bei.

Njoo na flashi yako, jaribu matundu yote, kamera, spika na waifai ndipo ulipe. Warantii mwezi mmoja, isipokuwa imeanguka au kumwagikiwa maji. Bei inapungua kidogo ukifika dukani, siyo kwenye meseji. Wa mikoani tunaiwasha kwa video kwanza, kisha inapanda basi na risiti ya mzigo.

PICHA (dogo, fuata hivi)

Futa kioo na kibodi kwa kitambaa kikavu. Piga mlangoni asubuhi, flashi ya simu izimwe, nyuma kuwe na meza tupu. Usichukue hata picha moja ya mtandaoni, wateja wanazitambua.

Ya kwanza iwe imefunguliwa na imewaka, yote ionekane. Kisha kona iliyochubuka: mara moja kwa mbali, mara moja kwa karibu na sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Usiigeuze kukwepa mwanga. Kibodi ipige kwa juu, A na E zisomeke.

Skrini ni tatu: ukurasa wa About wenye prosesa na RAM, ripoti ya betri kwenye mistari ya DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY, na kioo cheupe kitupu. Halafu pande mbili zenye matundu, na chaja. Mwisho kibandiko cha chini. Tarakimu nne za mwisho za namba ya mashine zifunike kwa kidole, mteja atazisoma akija.