Wasifu: kipa wa zamani, kocha wa vijana na msimamizi wa zamu, Lubumbashi

Nilidaka mpira kuanzia 2008 hadi 2020 katika timu za ligi ya mji na ya mkoa hapa Lubumbashi, na misimu ya mwisho nilivaa kitambaa cha kapteni. Sikufika Mazembe wala Lupopo, na siandiki hapa kama aliyefika. Leo nina leseni C ya CAF, nafundisha vijana wa chini ya miaka 17 katika komini ya Katuba, na asubuhi nasimamia zamu katika depo ya vipuri vya magari ya migodi.

Nilizaliwa Katuba, nikajifunzia kwenye viwanja vya udongo mwekundu. Huko kipa anavaa suruali ndefu hata jua likiwaka, na shuti dhaifu linaweza kugonga kokoto mbele yako likakupita begani. Kwa hiyo unazoea kuweka mwili wote nyuma ya mpira, si mikono peke yake. Mwaka 2010 Mazembe walipofika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, timu ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo, kila kijana wa mtaani alishangilia akiruka kwa makalio kama Kidiaba. Kuruka sikukuweza vizuri. Kupanga mabeki nilikuweza.

Hapo ndipo ukocha wangu ulipoanzia. Kipa anauona uwanja wote, na wenzake kumi wamempa mgongo, kwa hiyo anawaongoza kwa sauti. Kelele tupu hazisaidii: ukipiga ukelele "Rudi! Rudi!" watarudi wanne pamoja na nafasi ya mbele itabaki wazi. Nilipokuwa kapteni tulikubaliana hivi: jina kwanza, kisha agizo moja. Kwenye faulo karibu na boksi, mtu mmoja tu ndiye anayenisikiliza, yule wa mwisho upande wa nguzo ya karibu. Namsogeza yeye, ukuta wote unamfuata, na mimi nabaki na upande wangu wa goli nikiuona mpira. Vijana wangu wanafanya zoezi hilo kila wiki, na kila mmoja anapokezana kuamuru, hata mshambuliaji asiyependa kusema.

Kwenye depo mtindo ni uleule. Lori likirudi nyuma na mashine ya kunyanyua mizigo ikiwa kazini, mtu mmoja ndiye anayemwongoza dereva, na dereva anaitwa kwa jina. Ninaongoza watu kumi na wanne, baadhi wamenizidi umri. Hao nawaita baba au yaya kama kawaida yetu, na agizo la usalama linabaki agizo.

Kuhusu nidhamu, nina msimamo ambao makocha wengine hawaupendi. Simwadhibu mchezaji kwa kumkimbiza raundi za kiwanja. Kukimbia ndiyo kazi yake, sasa kwa nini nimfundishe kuichukia? Anayechelewa mazoezi ya saa kumi jioni anaanzia benchi kwenye mechi inayofuata, awe mfungaji bora au mtoto wa mfadhili. Sababu ya msingi, kama ugonjwa au mtihani, naipokea ikiletwa kabla, si baada. Baba mmoja alikuja kunibishia mbele ya vijana. Nilimwomba tuzungumze mazoezi yakiisha, tukazungumza, na mwanawe alianzia benchi Jumamosi ile.

Sheria mpya nazifuatilia na kuziingiza mazoezini. Tangu 2025 kipa akishika mpira zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona, na refa anahesabu tano za mwisho kwa vidole. Makipa wangu sasa wanajifunza kuchagua wa kumpa mpira kabla hawajaudaka. Msimu wa mvua kiwanja kikigeuka tope, tunaingia darasani na ubao wa chaki kutazama mechi yetu iliyopita, na wanaoeleza ni wachezaji wenyewe.

Lugha zangu za kazi ni Kiswahili na Kifaransa. Kibemba nakitumia na wazazi wengi wa upande wetu. Ripoti za mechi na orodha ya mahudhurio naziandika mwenyewe kila juma, na kiongozi yeyote wa timu anaruhusiwa kuzisoma.

Natafuta nafasi ya kocha mkuu wa vijana au kocha wa makipa katika timu au akademia ya hapa mjini. Niko tayari kila siku kuanzia saa tisa alasiri, na Jumamosi na Jumapili mchana kutwa. Kiwanja kibovu na mipira michache nimevizoea. Nitakachouliza siku ya kwanza ni nani anayeamua orodha ya wachezaji wa mechi, na jibu ningependa liwe kwenye mkataba.