Ombi la Kuandaa Ukurasa wa Takwimu za Mavuno na Mauzo ya Kila Mwezi

Ofisi ya Mizani na Takwimu,
Mbinga, Ruvuma.
14 Aprili 2025

Mwenyekiti,
Kamati ya Uongozi,
Chama cha Msingi cha Ushirika wa Wakulima wa Kahawa,
Mbinga.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA IDHINI YA KUANDAA DASHIBODI YA MAVUNO NA MAUZO YA KAHAWA KWA MSIMU WA 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba Kamati yako iniidhinishe kuandaa dashibodi, yaani ukurasa mmoja wa takwimu unaotolewa kila mwezi, utakaoonyesha kahawa tuliyopokea kwa wanachama, iliyopo stoo, iliyopelekwa ghalani, iliyouzwa na fedha zilizoingia. Naleta ombi hili sasa kwa sababu upokeaji wa matunda unaanza Juni, na kazi hii ikianzishwa katikati ya msimu itakuwa ya kufukuzia madaftari nyuma badala ya kwenda nayo sambamba.

Kamati inakumbuka swali lililoulizwa na mwanachama katika mkutano mkuu uliopita, alipotaka kujua kwa nini kahawa iliyopelekwa ghalani ilikuwa pungufu kuliko iliyotoka kwenye vitanda vya kuanikia. Msimu huo tulipokea kilo 61,200 za matunda mabivu, tukapata kilo 10,180 za kahawa ya maganda iliyokauka, lakini hati za ghala zilisoma kilo 9,940. Tofauti ilikuwa kilo 240. Ilinichukua siku tisa kupitia daftari la mizani, daftari la mtambo wa kumenya, daftari la stoo na hati za ghala ndipo nikabaini kwamba magunia matano ya kilo 48 yalibaki stoo baada ya gari la mwisho kujaa, na yaliandikwa katika kitabu kingine. Hakuna aliyeiba wala aliyekosea kupima. Hata hivyo, kwa siku hizo tisa maneno yalisambaa vijijini, na wapo wanachama ambao hadi leo wananiuliza kwa sauti ya chini kama kweli yale magunia yalikuwepo. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika barua hii: hesabu zetu ni sahihi, lakini zimekaa mahali panne ambapo hazikutani.

Naomba nieleze kwa kirefu namna ukurasa huo utakavyopangwa, kwa kuwa hapo ndipo takwimu za kahawa huwapotosha watu. Kilo ya matunda mabivu, kilo ya kahawa ya maganda na kilo ya kahawa safi iliyokobolewa si kitu kimoja. Kwa hesabu zetu za msimu uliopita, takribani kilo 6 za matunda zilitoa kilo 1 ya maganda makavu, na maganda hayo yakikobolewa hupungua tena kwa karibu moja ya tano. Mkulima aliyeleta kilo 600 za matunda akisoma kwamba zimeuzwa kilo 80, bila kuonyeshwa safari iliyo katikati, ana haki ya kushtuka. Kwa hiyo kila hatua itakuwa na safu yake na kipimo chake, na pembeni yake utaandikwa uwiano wa mwezi huo, ili uwiano ukipanda ghafla kutoka 6 hadi 7, Kamati iulize mapema kama tumepokea matunda mabichi, kama mengi yaliyopokelewa yalielea kwenye maji, au kama mizani inahitaji kukaguliwa.

Jambo la pili ni la tarehe. Kahawa iliyovunwa Juni inaweza kuuzwa mnadani Septemba na malipo yake kufika baadaye zaidi. Tukilinganisha mavuno ya Juni na mauzo ya Juni tutaonekana tumepata hasara kubwa, na tukilinganisha ya Oktoba tutaonekana tumeuza kahawa ambayo hatukuvuna. Ili kuepuka hilo, kila shehena itapewa namba tangu inapotoka stoo, na namba hiyo hiyo itafuatwa ghalani, mnadani na benki. Ukurasa utaonyesha hesabu za mwezi husika pamoja na jumla tangu msimu ulipoanza, na chini yake grafu mbili tu: moja ya mapokezi, nyingine ya mauzo. Mapato yatatajwa kabla ya makato na baada ya makato, kwa sababu swali la makato ndilo linaloulizwa kuliko yote dirishani kwangu.

Kazi yote itafanyika katika kompyuta iliyopo ofisini, kwa programu ya majedwali ya LibreOffice Calc ambayo hailipiwi leseni. Nitaingiza takwimu kila Ijumaa kutoka madaftarini. Mtunza Stoo atathibitisha za stoo na Mhasibu atathibitisha za fedha. Meneja atasaini kabla ukurasa haujabandikwa ifikapo tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Vitabu vyetu vitaendelea kuwa kumbukumbu rasmi za chama, na panapotokea tofauti kati ya kitabu na kompyuta, kitabu ndicho kitakachofuatwa hadi kosa litafutwe na kurekebishwa kwa maandishi. Takwimu hizo hizo zitaturahisishia kazi tunapojaza taarifa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (MUVU), ambao kwa sasa tunaujaza kwa kukusanya upya kila kitu.

Ukurasa utakaobandikwa hautakuwa na jina la mwanachama yeyote, kilo zake, deni lake la pembejeo wala malipo yake. Utaonyesha jumla ya chama na jumla ya kila kituo cha kupokelea. Mwanachama anayetaka hesabu yake binafsi ataendelea kuipata dirishani kwa kuonyesha kitabu chake. Naona hili ni la lazima, kwa heshima ya wanachama na kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Gharama kwa majaribio ya miezi sita, Juni hadi Novemba, ni Sh. 297,000: bando la intaneti Sh. 90,000, uchapaji wa nakala kwa ofisi na vituo Sh. 72,000, flashi mbili za kuhifadhia nakala za akiba Sh. 50,000, na ubao wa matangazo wenye kioo Sh. 85,000. Siombi posho ya ziada, kwa kuwa kazi hii imo ndani ya majukumu yangu. Nikiwa na udhuru, naomba Karani wa kituo cha pili afundishwe nami mwezi Mei, ili ukurasa usisimame kwa kukosekana kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo naomba Kamati iridhie majaribio hayo, ipitishe matumizi yaliyotajwa, na imteue mjumbe mmoja atakayepitia ukurasa wa kila mwezi pamoja nami kabla Meneja hajasaini. Nimeambatisha mfano wa ukurasa huo uliojazwa kwa takwimu za msimu uliopita, yakiwemo yale magunia matano, na niko tayari kuja mbele ya kikao kuufafanua siku yoyote mtakayonipangia kabla ya tarehe 16 Mei 2025.

Wako katika ushirika,

(Saini)

Karani wa Mizani na Takwimu,
Mwanachama Na. 214

Nakala: Meneja wa Chama, Mhasibu, Mtunza Stoo
Kiambatisho: Mfano wa ukurasa wa mwezi (karatasi 1)