Majibu ya karatasi yako ya besi za namba, swali kwa swali

Mdogo wangu, picha imefika. Umeipiga kwa upande na mkunjo wa karatasi umepita juu ya swali la 6, ila mengine yote yanasomeka, hata hesabu zako za penseli pembeni. Mwalimu ameandika juu kabisa "onesha njia", maana yake alama ziko kwenye njia. Kwa hiyo usinakili majibu peke yake.

Swali la 1: kuingia desimali

Hapa unazidisha. Tarakimu ya mwisho kulia inasimama kwenye nafasi ya 1, ya pili kwenye nafasi ya besi yenyewe, ya tatu besi mara besi, na kuendelea hivyo kuelekea kushoto. Zidisha kila tarakimu kwa thamani ya nafasi yake, kisha jumlisha.

(a) 101101₂. Nafasi ni 32, 16, 8, 4, 2, 1. Penye 0 ruka: 32 + 8 + 4 + 1 = 45.

(b) 217₈. Nafasi ni 64, 8, 1: (2 × 64) + (1 × 8) + (7 × 1) = 128 + 8 + 7 = 143.

(c) 2AF₁₆. Nafasi ni 256, 16, 1. A ni 10 na F ni 15: 512 + 160 + 15 = 687.

Hili umelipata lote.

Swali la 2: kutoka desimali

Sasa unageuza: badala ya kuzidisha, unagawanya kwa besi unayoiendea, unaandika baki, na unaendelea hadi jibu la mgawanyo liwe 0.

(a) 156 kwenda baineri:

```
156 / 2 = 78   baki 0
 78 / 2 = 39   baki 0
 39 / 2 = 19   baki 1
 19 / 2 =  9   baki 1
  9 / 2 =  4   baki 1
  4 / 2 =  2   baki 0
  2 / 2 =  1   baki 0
  1 / 2 =  0   baki 1
```

Mgawanyo wako ni sahihi mstari kwa mstari. Tatizo ni kwamba umesoma baki kutoka juu kushuka, ukapata 00111001. Hiyo ni 57. Soma kutoka chini kupanda: 10011100₂.

Usiikariri tu, angalia sababu. Ukigawanya 156 kwa 2, baki la kwanza linakuambia namba ni shufwa au witiri, na habari hiyo inakaa kwenye nafasi ya 1, kulia kabisa. 156 ni shufwa, basi baineri yake lazima iishie na 0. Jibu lako linaishia na 1. Hapo tu ungeligundua kabla hujafika mbali. Uhakiki kamili: 128 + 16 + 8 + 4 = 156.

(b) 500 kwenda oktali: 500 / 8 = 62 baki 4; 62 / 8 = 7 baki 6; 7 / 8 = 0 baki 7. Jibu 764₈.

(c) 940 kwenda heksadesimali: 940 / 16 = 58 baki 12; 58 / 16 = 3 baki 10; 3 / 16 = 0 baki 3. Baki likizidi 9 linageuzwa kuwa herufi: 10 ni A, 12 ni C. Jibu 3AC₁₆. Kuandika "31012" kama ulivyofanya kunaunda namba nyingine kabisa.

Swali la 3: baineri, oktali na heksadesimali zenyewe kwa zenyewe

Naona ulitaka kupitia desimali kila mara. Utafika, ila ni kujichosha. 8 ni 2 × 2 × 2, kwa hiyo tarakimu moja ya oktali ni biti 3 kamili. 16 ni 2 × 2 × 2 × 2, kwa hiyo tarakimu moja ya heksadesimali ni biti 4. Kinachobaki ni kukata mafungu. Hata namba 755 inayoandikwa kwenye `chmod`, amri ya Linux ya kuweka ruhusa za faili, ni oktali ya namna hii: 111 101 101, ambapo kila fungu ni ruhusa ya kusoma, kuandika na kutekeleza ya kundi moja la watumiaji.

(a) 1101011₂ kwenda oktali. Anza kukata kulia, na fungu la mwisho kushoto likipungua ongeza sufuri mbele: 001 101 011. Hizo ni 1, 5, 3. Jibu 153₈. Wewe ulianzia kushoto, 110 101 1, ukapata 651. Sufuri zilizoongezwa mbele hazibadilishi namba, lakini ukianza kukata kushoto unavuruga nafasi zote.

(b) Namba hiyohiyo kwenda heksadesimali: 0110 1011, yaani 6 na 11. Jibu 6B₁₆.

(c) 57₈ kwenda baineri: 5 ni 101, 7 ni 111. Jibu 101111₂. Kila tarakimu iandikwe kwa biti 3 kamili, hata 1 inakuwa 001. Ya mbele kabisa tu ndiyo unaweza kuipunguzia sufuri.

(d) 572₈ kwenda heksadesimali. Baineri inakuwa daraja: 101 111 010. Unganisha, 101111010, kisha kata upya kwa nne kutoka kulia: 0001 0111 1010. Jibu 17A₁₆. Zote mbili ni 378 kwa desimali, ukitaka kuhakikisha.

Swali la 4: zenye nukta

(a) 13.625 kwenda baineri. Sehemu nzima unagawanya kama kawaida: 13 inatoa 1101. Sehemu ya baada ya nukta unazidisha kwa 2, na kila mara unachukua namba nzima inayotokea:

```
0.625 x 2 = 1.25   chukua 1
0.25  x 2 = 0.5    chukua 0
0.5   x 2 = 1.0    chukua 1
```

Hapa unasoma juu kushuka chini, kinyume cha baki. Jibu 1101.101₂.

(b) 10.11₂ kwenda desimali. Baada ya nukta nafasi ni 0.5, 0.25, 0.125 na kuendelea: 2 + 0.5 + 0.25 = 2.75.

Mwalimu amekupa 0.625 kwa makusudi kwa sababu inaisha. Jaribu 0.1 uone: inatoka 0.000110011 na ile 0011 inajirudia bila mwisho. Ndiyo maana Python ukiiuliza 0.1 + 0.2 inakujibu 0.30000000000000004.

Swali la 5: 243₅ kwenda besi 7

5 na 7 hazihusiani kama 2 na 8, kwa hiyo mafungu hayafanyi kazi. Pita desimali. Ingia: (2 × 25) + (4 × 5) + 3 = 73. Toka: 73 / 7 = 10 baki 3; 10 / 7 = 1 baki 3; 1 / 7 = 0 baki 1. Jibu 133₇.

Swali la 6: kwenda desimali

Kwenye picha naliona kama 286₈, lakini mkunjo umepita kwenye tarakimu ya katikati. Besi 8 ina tarakimu 0 hadi 7 tu. Kama ni 266₈, jibu ni 128 + 48 + 6 = 182. Kama karatasi yenyewe kweli imeandikwa 286, huenda ni mtego: usihesabu chochote, andika kwamba si namba ya oktali kwa sababu ina tarakimu 8. Inyooshe karatasi uangalie kwa jicho, kisha niambie ni ipi.