YAH: Ombi la kuongezewa muda wa kuwasilisha programu ya mti wa utafutaji

Mheshimiwa Mwalimu,

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili, Sayansi ya Kompyuta. Ninaomba kuongezewa muda wa kuwasilisha kazi ya miti ya pointa, kutoka Ijumaa hii saa 10 jioni hadi Jumatatu saa 4 asubuhi, kwa sababu programu yangu bado inakatika inapofuta nodi ya mzizi.

Programu inatunza kumbukumbu za mizigo ya dagaa inayopokelewa Mwaloni, Kirumba, ikizipanga kwa namba ya mzigo. Kuingiza, kutafuta na kuchapisha orodha kwa mpangilio kunafanya kazi vizuri. Kufuta nodi isiyo na watoto kunafanya kazi pia, mradi nodi hiyo isiwe mzizi. Tatizo linaanzia hapa:

```c
void futa(struct nodi *mzizi, int namba);
```

Funksheni hii inapokea nakala ya pointa tu. Hivyo mzizi unapoachiliwa kwa `free`, pointa iliyo ndani ya `main` inabaki na anwani ileile ya zamani, na uchapishaji unaofuata unasoma kumbukumbu isiyo yetu tena. Valgrind inaonyesha `Invalid read of size 8` kwenye mstari unaosoma `mzizi->kushoto`. Kilichochelewesha kuligundua ni kwamba kwenye kompyuta yangu thamani za zamani mara nyingi zilikuwa bado hazijafutika, orodha ikatoka kamili, ilhali kwenye mashine za maabara programu ileile inaishia na `Segmentation fault (core dumped)`.

Nimeanza kuiandika upya funksheni hiyo ili irudishe mzizi mpya, na kila mwito wa ndani upokee jibu lake:

```c
nodi->kushoto = futa(nodi->kushoto, namba);
```

Badiliko hili linagusa pia sehemu inayofuta mizigo yote ya siku moja na ile inayounganisha miti miwili, na zote zinahitaji kupimwa upya, hasa pale nodi inayofutwa ina watoto wawili na mrithi wake ni mtoto wa kulia moja kwa moja. Ningeweza kuizuia programu isikatike kwa kukataza mzizi usifutwe, lakini mti usioweza kuondoa mzizi wake haujatimiza swali ulilotupa, na mimi ningependa kulijibu swali lenyewe.

Nimeambatanisha msimbo kama ulivyo sasa, faili fupi la data linaloonyesha hitilafu, pamoja na ripoti ya Valgrind. Iwapo muda hauwezi kuongezwa, nitawasilisha toleo hili Ijumaa kwa saa iliyopangwa, na maelezo ya hitilafu yatakuwa ndani ya ripoti. Kama utakuwa na nafasi Alhamisi baada ya kipindi cha mchana, ninaomba pia nije ofisini kwako na kompyuta yangu.

Wako mtiifu,
Neema
Mwaka wa 2, Sayansi ya Kompyuta
Mwanza