Ndui na Chanjo Yake: Insha ya Mfano na Alama Zake

Swali, kutoka karatasi ya zamani, sehemu ya insha, alama 25, dakika 45:

"Ndui ilitokomezwa duniani kwa sababu ya ubora wa chanjo yake." Unakubaliana na kauli hii kwa kiasi gani?

Jibu lililo hapa chini niliandika kwa muda uleule wa mtihani, bila kitabu mezani. Sikuligusa tena kabla ya kulisahihisha, kwa hiyo kasoro zake zimebaki na zinahesabiwa.

Jibu

Mei 1980 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitangaza kwamba ndui imetoweka. Mpaka leo ndiyo maradhi pekee ya binadamu yaliyotokomezwa kabisa. Kauli ya swali inaipa chanjo sifa yote. Bila chanjo kazi hiyo isingewezekana, hilo halina ubishi. Lakini chanjo ya ndui ilikuwapo tangu mwisho wa karne ya 18, na bado katika miaka ya 1960 ugonjwa ulikuwa unaua mamilioni. Hoja yangu ni kwamba chanjo ilikuwa sharti la lazima lakini halikutosha. Kilichoamua ni tabia ya virusi vyenyewe, pamoja na namna chanjo ilivyotumiwa kuanzia 1967.

Tuanze na haki ya chanjo. Dozi moja ilitosha kumkinga mtu kwa miaka mingi. Hata aliyekwisha kukaa na mgonjwa, akichanjwa ndani ya siku chache, mara nyingi aliepuka ugonjwa au aliupata kwa wepesi. Katika miaka ya 1950 ilipatikana njia ya kuikausha kwa kuigandisha kwa wingi viwandani, ikawa inastahimili joto ambalo liliharibu ile ya majimaji upesi. Muongo uliofuata ikaja sindano yenye ncha mbili, iliyotumia sehemu ndogo tu ya dawa ya awali, na mtu asiye na mafunzo ya utabibu aliweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi. Tena chanjo iliacha kovu mkononi, hivyo timu ya kampeni ilijua kwa kutazama nani amechanjwa na nani bado.

Chanjo hii ina historia ndefu. Mwaka 1796 daktari Mwingereza Edward Jenner alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe kutoka mkononi mwa mkamaji, Sarah Nelmes, akamchanja nao mtoto wa miaka 8, James Phipps. Baadaye alimwekea mtoto huyo usaha wa ndui yenyewe, naye hakuugua. Jenner alichapisha matokeo yake mwaka 1798. Hata kabla yake, watu wa sehemu mbalimbali za Asia na Afrika walikuwa wakijiambukiza ndui kidogo kwa makusudi ili wapate kinga.

Sababu ya pili, ambayo kauli haiitaji, ni ugonjwa wenyewe. Virusi vya ndui viliishi kwa binadamu tu. Hapakuwa na mnyama wa kuvihifadhi. Mgonjwa alionekana kwa upele usoni na mikononi, na aliambukiza hasa baada ya dalili kuanza. Aliyepona hakubaki akisambaza virusi kimyakimya. Linganisha na homa ya manjano. Chanjo yake, iliyotengenezwa katika miaka ya 1930, ni bora kiasi kwamba dozi moja humkinga mtu maisha yake yote, lakini virusi vyake vinaishi pia kwa nyani wa msituni na kupita kwa mbu. Hata kila binadamu akichanjwa leo, virusi hivyo vitabaki msituni. Polio nayo ina chanjo tangu 1955 na kampeni ya dunia nzima tangu 1988, lakini wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote, na kwa hiyo mlipuko hugunduliwa ukiwa umekwisha kusambaa.

Sababu ya tatu ni mkakati. Shirika la Afya Duniani lilipoanza kampeni yake iliyoimarishwa mwaka 1967, chini ya uongozi wa D. A. Henderson, ndui ilikuwa bado ikienea katika nchi takriban 31, na wagonjwa walikadiriwa kuwa kati ya milioni 10 na 15 kwa mwaka. Lengo la mwanzo lilikuwa kuchanja asilimia 80 ya watu. Mwishoni mwa 1966, mashariki mwa Nigeria, William Foege na wenzake walikabili mlipuko wakiwa na dawa isiyotosha watu wote. Wakawatafuta wagonjwa, wakachanja waliowazunguka tu, na mlipuko ukakatika. Mbinu hiyo ya kumfuata mgonjwa badala ya kuchanja halaiki ilisambazwa nchi nyingine. India, yenye watu wengi na milipuko mikubwa mwaka 1974, ilitumia wahudumu waliopita nyumba kwa nyumba wakionyesha picha ya mgonjwa wa ndui, na mwaka 1975 ugonjwa ulikwisha nchini humo. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya asili duniani, Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, aliugua Oktoba 1977. Alikuwa mpishi wa hospitali. Chanjo ilikuwa karibu naye kabisa, lakini hakuwa amechanjwa. Kilichozuia ndui isienee kutoka kwake ni watu waliosaka kila aliyekutana naye na kumchanja.

Pia kulikuwa na ushirikiano wa kimataifa. Nchi nyingi zilisaidia kwa fedha, wataalamu na dawa, na bila ushirikiano huo kampeni isingefaulu.

Kwa hiyo nakubaliana na kauli kwa sehemu. Ubora wa chanjo ulifanya ushindi uwezekane. Uliofanya ushindi utokee ni ugonjwa unaoonekana, usio na maficho kwa wanyama, uliofuatiliwa mgonjwa mmoja mmoja.

Usahihishaji

Mwongozo una vigezo vinne: kuelewa swali na kuchukua msimamo (5), maarifa sahihi na mahususi (8), uchambuzi (8), mpangilio na lugha (4).

*Kuelewa swali: 5 kati ya 5.* Swali halikuuliza chanjo ilisaidiaje. Limetoa kauli na kuuliza "kwa kiasi gani". Mtahiniwa anayeandika kurasa tatu za sifa za chanjo, au kurasa tatu za kuipinga, hapiti alama 2 hapa hata akijua mengi. Utangulizi unataja msimamo wenye ngazi, yaani lazima lakini haitoshi, na hitimisho linarudi na msimamo uleule. Wapo wasahihishaji wanaotaka neno "kiasi" lionekane waziwazi. "Kwa sehemu" linawatosha wengi wao.

*Maarifa: 7 kati ya 8.* Tarehe, majina na mahali vipo, na vimekaa ndani ya hoja. Alama moja imeondoka kwenye aya ya ushirikiano. Aya nzima haina mwaka, haina nchi, haina tukio. Palikuwa na cha kuweka: mwaka 1958 Umoja wa Kisovieti ndio uliopendekeza ndui itokomezwe duniani, ukatoa dawa kwa wingi, kisha kampeni ya 1967 ikaongozwa na Mmarekani katikati ya Vita Baridi. Sentensi moja ya namna hiyo ingegeuza aya tupu kuwa ushahidi. Ilivyo sasa, ingeweza kubandikwa kwenye insha ya maradhi yoyote.

*Uchambuzi: 5 kati ya 8.* Hapa ndipo insha nyingi hupoteza alama, na hii nayo imepoteza. Kwanza kilichofanya kazi. Sehemu yenye nguvu kuliko zote ni homa ya manjano, kwa sababu inaipima kauli badala ya kuipinga kwa maneno. Ikiwa ubora wa chanjo ndio sababu, basi ugonjwa wenye chanjo bora kiasi hicho nao ungekwisha. Haujaisha. Msahihishaji akifika hapo anaona mtu anayefikiri, na kalamu yake inalegea. Maalin anafanya kazi ileile kwa upande wa mkakati: chanjo ipo, hospitali ipo, ugonjwa unampata vilevile. Ukiondoa mifano hiyo miwili, insha inakuwa orodha ya sababu.

Sasa kilichopotea. Aya ya Jenner ni sahihi kila neno na haina alama hata moja ya uchambuzi. Inasimulia. Haisemi ushahidi wake unaelekea upande gani wa swali, na msahihishaji hana kazi ya kumalizia hoja ya mtahiniwa. Hiyo ni alama mbili. Ya tatu ni uzito: aya zinataja sababu ya kwanza, ya pili, ya tatu, lakini hakuna mahali panapouliza kati ya tabia ya virusi na mkakati kipi kilikuwa kizito zaidi. Mwandishi angeweza kujibu, maana jibu limo ndani ya insha yake mwenyewe. Tabia ya virusi haikubadilika mwaka 1967. Kilichobadilika ni mkakati, pamoja na vifaa vilivyoufanya uwezekane. Basi kwa nini ndui iliwezekana kutokomezwa, jibu ni virusi. Kwa nini ilikwisha mwaka 1977 na si miaka 50 kabla, jibu ni mkakati na chanjo iliyokaushwa.

*Mpangilio na lugha: 3 kati ya 4.* Aya zinafuatana vizuri isipokuwa ya Jenner, ambayo imeingia katikati ya ubora wa chanjo na tabia ya ugonjwa bila kuitwa. Lugha ni nyepesi na haibabaishi.

Jumla: 20 kati ya 25. Ni alama nzuri, lakini nne kati ya tano zilizopotea zimo kwenye aya mbili ambazo ziliandikwa kwa urahisi kuliko zote.

Hii hapa aya ya Jenner ikiandikwa upya, kwa urefu unaokaribiana, ili ibebe hoja:

"Historia ya chanjo yenyewe inaidhoofisha kauli. Edward Jenner alionyesha mwaka 1796 kwamba ndui ya ng'ombe humkinga mtu dhidi ya ndui, na Ulaya ikaanza kuchanja watu wake miaka michache baadaye. Kinga hiyo ilifanya kazi tangu siku ya kwanza. Lakini kati ya ugunduzi huo na mgonjwa wa mwisho ipo miaka 181, na sehemu kubwa ya muda huo ndui iliendelea kuua Asia, Afrika na Amerika ya Kusini. Kama ubora wa chanjo ungetosha, pengo hilo lisingekuwa refu hivyo. Lililokosekana ni dawa inayofika ikiwa nzima mahali pa joto, na mpango wa kuipeleka kwa mtu anayeihitaji kabla hajaugua."

Kwa aya hii uchambuzi unapanda hadi 7, mpangilio unafika 4, na jumla inakuwa 23. Mbili zilizobaki ni za aya ya ushirikiano na za uzito. Hizo nawaachia kundi waziandike wenyewe, dakika 15, bila kufungua daftari.